Kiingereza cha Baba wa Bibi Harusi

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akitaka kumdhulumu mtu hahitaji fimbo wala panga. Anahitaji karatasi na wino tu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanionea huruma kabla hajajua nilichofanya.

Mwaka 1954 mpwa wangu Petronila aliposwa na kijana mmoja aitwaye Severini, karani katika ofisi ya serikali Dar es Salaam. Petronila ni mtoto wa dada yangu Laurentia na mumewe Hilario, mnyapara wa genge la reli pale Soga, upande wa Kibaha. Kwetu sisi mtoto wa dada ni mtoto wako. Mahari haipokelewi mjomba akiwa hayupo, na siku ya harusi mjomba ndiye anayesimama kuwaambia watu maneno. Mimi ndiye mjomba pekee, tena mwalimu wa shule ya misheni Kisarawe, tena Kiingereza nakisema. Hotuba yangu niliianza hata posa haijajibiwa. Suruali ya kusimamia nilikwisha kuipiga pasi.

Kisha ikaja ratiba. Wakwe walikuwa watu wa mjini, wakaipiga chapa kwenye karatasi ngumu yenye maua pembeni. Nambari ya tatu ilisema kwamba baada ya chakula baba wa bibi harusi atatoa "toast", kwa Kiingereza. Hayo ni maneno mafupi ya heri ambayo Waingereza huyasema harusini kabla ya wote kusimama na kunywa kwa ajili ya maharusi. Bwana mkubwa wa Severini atakuja na mkewe, ilielezwa, na ndivyo kwao wanavyofanya. Mjomba nilimtafuta. Nilimkuta nambari ya saba, chini kabisa: mjomba atawashukuru wapishi.

Wapishi!

Aliyeniletea ratiba hiyo ni Hilario mwenyewe. Alipanda treni hadi Pugu, akatembea mpaka Kisarawe, akaingia kwangu na kofia mkononi. Mtu mkubwa yule, mabega kama mlango, alikaa kwenye kiti changu cha uvivu kama aliyeitwa barazani kujibu mashtaka.

"Shemeji," akasema, "Kiingereza changu unakijua. Stop, go, slow, danger. Yameisha. Sasa nitasimamaje mbele ya Mzungu na wale mawakili wa mjini?"

"Si mawakili, ni makarani."

"Kwangu mimi wote wamoja. Niandikie. Nitakariri. Kukariri naweza, katekisimu yote nilikariri."

Hapo ndipo ningesema neno. Ningesema: shemeji, nafasi hii kwa mila zetu ni yangu, na wakwe wameniumiza. Sikusema. Nilikuwa na kiburi, na mtu mwenye kiburi haombi, hutega. Nikamwambia arudi keshokutwa.

Usiku ule niliandika hotuba ya kurasa mbili. Nilifungua kamusi, nikachagua maneno kama mtu anayechagua mawe ya kumpakia punda. Sentensi ya kwanza ilisema: "It is with inexpressible felicity and no inconsiderable trepidation that I rise to commend to your benevolence this auspicious matrimonial alliance." Maana yake ni kwamba nina furaha na ninaogopa kidogo, nawaombeni muwatakie heri hawa wanaooana. Kwa maneno matano ya kawaida mtu angemaliza. Mimi nilitaka maneno ambayo hata Padri wetu angeyasoma mara mbili.

Nia yangu niiseme waziwazi. Nilitaka Hilario ajaribu siku tatu, ashindwe, aje kwangu aseme, "Shemeji, haya makubwa, yaseme wewe." Na mimi ningekataa kidogo, kwa adabu, kisha ningekubali. Hakuna ambaye angesema nimempora.

Aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Akanishukuru mpaka nikaona aibu, lakini aibu ile niliimeza na chai.

Wiki ya kwanza ikapita, Hilario kimya. Ya pili, kimya. Zilipobaki siku kumi na mbili nilipanda treni kwenda Soga kukusanya ushindi wangu.

Genge nililikuta kabla ya kufika nyumbani kwake. Walikuwa wanabadilisha mataruma yanayobeba reli, wakiinua reli kwa miti mirefu, na wakati wa kuinua walikuwa wakiimba kama kawaida yao. Ila wimbo haukuwa wa kawaida. Kiongozi wao Kitwana, mzee wa Kizaramo asiyejua A wala B, alikuwa akipaza sauti, "Inekispresibo!" na wenzake wakavuta na kuitikia, "Felisiti!" Nilisimama na begi langu nikicheka, kisha kicheko kikaniganda.

"Mwalimu, karibu," Kitwana akasema akipangusa jasho. "Tunamsaidia mnyapara. Tumefika mstari wa sita. Lakini msemeshe shemeji yako. Juzi troli la mkaguzi limekuja, yeye kasimama katikati ya reli anasoma. Tumemvuta sisi. Mtu wa miaka ishirini kazini, anavutwa na vibarua!"

Nyumbani dada yangu Laurentia hakunikaribisha chai kwanza kama desturi. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitika marahaba bila kunitazama. Akanivuta jikoni.

"Hilario hali chakula. Halali. Akilala anaota anasema hayo madude yako. Jana kanyamaza, nikadhani kapona. Kumbe kaamua. Atakuambia mwenyewe."

Hilario alirudi jioni. Kweli alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya shingoni. Alikaa mbele yangu, akatoa zile kurasa mbili zilizochakaa kwenye mikunjo, akaziweka juu ya meza taratibu. Nikajiambia, haya, imefika.

"Shemeji," akasema, "umefanya kazi kubwa na mimi nimekuangusha. Nimefika nusu. Nikifika nusu, mwanzo unatoroka. Na hata ninayoyakumbuka sijui nasema nini. Sasa nimefikiri hivi. Siku ya harusi sitakuja."

"Hutakuja wapi?"

"Harusini. Utawaambia nimeshikwa na homa. Ratiba inasema baba anasema. Baba akiwepo akanyamaza, wakwe watajua baba ni mbumbumbu, na Petronila ataishi na neno hilo nyumbani kwao maisha yake yote. Baba akiwa mgonjwa, mjomba atasimama, na hakuna aibu. Wewe utasema vizuri. Mimi nitamwona mwanangu wakija kusalimia."

Nilichokitaka ndicho hicho alichokuwa ananipa. Ameniwekea mezani, kimekunjwa vizuri. Na bei yake ilikuwa kwamba baba asimwone binti yake akitoka kanisani.

Ningeungama palepale kama ningekuwa mwanamume. Badala yake nikachukua zile kurasa, nikazitia mfukoni, nikasema uongo wa pili juu ya ule wa kwanza: "Shemeji, nimekosea mimi. Hiyo ni hotuba ya bungeni. Ya harusi ni fupi. Nipe kesho nzima."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani tukakaa nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza nilifanya kazi ya ualimu.

Nilimwambia kwanza kwamba toast si hotuba. Haizidi dakika mbili. Ina kazi nne tu: kujitaja, kuchekesha kidogo, kuwatakia heri, na kuwasimamisha watu wanywe. Kila sentensi ibebe jambo moja, na iishe kabla pumzi haijaisha. Nilimuuliza kwa Kiswahili anataka kusema nini, jambo ambalo siku ile ya kwanza sikumuuliza kabisa, na alichosema ndicho nilichokigeuza.

Tukaanza hivi: "Good afternoon, everybody. My name is Hilario. I am Petronila's father." Habari za mchana nyote, naitwa Hilario, ni baba wa Petronila. Hayo aliyajua karibu yote.

"Sasa sema unachoogopa," nikamwambia.

"Naogopa Kiingereza changu kifupi."

"Basi kiseme wewe kabla hawajakisema wao. My English is short, so my speech is short. You are lucky."

Nilipomtafsiria, kwamba Kiingereza changu ni kifupi kwa hiyo na maneno yangu ni mafupi, mna bahati, alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nishuke kwenye treni. Nikaona yanakwenda, nikaongeza la reli: "I work on the railway. I am not afraid of the train. But I am afraid of this speech." Yaani treni haimwogopeshi, ila maneno haya yanamwogopesha.

Kisha nikateleza. Waingereza harusini hupenda kumtania bwana harusi, basi nikaandika kwamba Severini ajihadhari, Petronila anaongea sana. Hilario aliinua mkono kama anayesimamisha treni.

"Futa. Mkwe hataniwi."

"Ni utani mdogo tu, Wazungu ndivyo wanavyo..."

"Wazungu watani zake. Mimi ni mkwe wake. Nicheke naye leo, kesho ataniheshimu kwa lipi? Nitajicheka mwenyewe, yatosha."

Nikafuta. Na kusema kweli toast ikawa nzuri zaidi, kwa sababu mtu anayejicheka mwenyewe hakuna anayemchukia. Mahali pale tukaweka: "Severini, you are welcome in our family. Now I have a son." Karibu katika familia yetu, sasa nina mtoto wa kiume.

Mwisho tulifanya kama mchezo, mimi nikiwa wageni. "Please stand up." Hapo anyamaze, angoje viti viache kukwaruza. "Please raise your glasses." Hapo ndipo na yeye achukue glasi yake, si kabla, maana mkono unaotetemeka na glasi iliyojaa huwa vinamwaga siri. Halafu majina ya maharusi, mwisho kabisa, kwa sauti: "To Petronila and Severini!" Anyanyue, anywe kidogo, akae. Asiongeze neno.

Niliyaandika kwenye kadi moja kwa herufi kubwa, mstari mmoja kwa kila sentensi, na kistari cha penseli pale pa kuvuta pumzi. Chini ya kila mstari niliandika kwa sauti zetu: "Mai Inglishi izi shoti." Nikamwambia asihangaike na matamshi ya kizungu, aende polepole tu, aliyekuja harusini amekuja kupenda, hakuja kusahihisha. Akimaliza la kuchekesha ahesabu moja hadi tatu. Wakicheka, awangoje. Wasipocheka, atabasamu aendelee kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Na asitazame umati. Achague uso mmoja anaoupenda.

"Na nikisahau?"

"Ukisahau sema hivi: Excuse me. I am a happy man, and happy men forget." Samahani, mimi ni mtu mwenye furaha, na wenye furaha husahau. "Huo ndio ufunguo wa akiba. Ukiujua huo, huwezi kuanguka."

Aliurudia huo kuliko mistari yote. Nilikwenda Soga mara mbili tena kabla ya siku yenyewe, na mara ya mwisho genge zima lilisimama kwa "Please stand up" na kunyanyua vibuyu vya maji. Kitwana alisema hii ya sasa haifai kuinulia reli, nyepesi mno.

Harusi ilifanyika Kisarawe, na chakula kikaliwa katika ukumbi wa shule yangu. Hilario alivaa koti la kuazima lililombana kwapani. Ilipofika nambari ya tatu akasimama. Alisema mstari wa kwanza. Alisema wa pili na wa tatu. "You are lucky," akasema, akahesabu, na mke wa yule bwana mkubwa akacheka kwanza, kisha makarani, kisha ukumbi wote, hata wasiojua Kiingereza, kwa kuona wenzao wanacheka. La treni lilikwenda vizuri zaidi.

Kisha akamtazama Petronila. Uso aliouchagua ulikuwa huo, na huo ndio ulikuwa na machozi. Akanyamaza. Nikaona wakwe wanatazamana, nikajua nani amemfikisha hapo, na nikamwomba Mungu kwa lugha zote mbili.

"Excuse me," Hilario akasema. Akavuta pumzi. "I am a happy man. And happy men forget."

Watu walipiga makofi. Yule bwana mkubwa alipiga meza kwa kiganja. Hilario akangoja watulie, akamkaribisha Severini kama mwana, akawasimamisha, akangoja viti, akachukua glasi ya sharubati ya ukwaju kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, akawataja watoto wake wawili. Tukanywa. Akakaa, wala hakuongeza neno.

Nambari ya saba niliitimiza. Niliwashukuru wapishi kwa sentensi tatu za Kiswahili, sikumbuki zipi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa bahati. Kosa limefichika, aliyekosewa amepata heshima, mkosaji amesaidia. Nilikuwa naanza hata kujisamehe. Lakini jioni, watu wakiwa wanaanza kutawanyika, Petronila alinijia na shela lake mkononi, akapiga goti kunishukuru.

"Mjomba, ahsante. Baba kaniambia yote."

"Kakuambia nini?"

"Kwamba ulimwandikia hotuba nzuri ya wasomi, kichwa chake kikashindwa, ukamhurumia ukamtengenezea hii ya kitoto. Anasema nikijaliwa watoto niwasomeshe kwako, wasije wakawa wajinga kama babu yao. Nimemwambia baba asiseme hivyo, lakini hasikii."

Basi hivyo ndivyo Hilario alivyotoka kwenye makofi yale. Ukumbi mzima ulisimama kwa ajili yake, na yeye aliondoka akiamini kwamba amepigiwa makofi ya watoto. Nilimwona ameketi kwenye benchi nje ya darasa la nne, koti la kuazima amelikunja magotini, akingoja lori la kuwapeleka stesheni Pugu. Nilikwenda nikakaa kando yake. Safari hii sikujipa muda wa kupanga maneno.

"Wewe si mjinga. Ile ya kwanza hata mimi nisingeikariri. Niliifanya ngumu kwa makusudi. Nilitaka ushindwe, nisimame mimi."

Hakunielewa mara moja. Nikarudia. Nilimweleza ratiba, na nambari saba, na kamusi, na jinsi nilivyokuja Soga siku ile nikitarajia anikabidhi. Nilimwambia hata la suruali. Alisikiliza akitazama mikono yake, mikono ile myeusi ya mafuta ya reli isiyotakata hata kwa harusi.

"Troli lile," akasema mwishowe, "lingeniua."

"Najua."

"Na nisingekuja leo."

"Najua. Nisamehe."

Ndani wanawake walikuwa bado wanaimba, na dada yangu alikuwa akiniita nije niamue sufuria za nani ni zipi. Hilario akakunjua koti, akalikunja upya.

"Ungeniambia tu," akasema. "Siku ile nimekuja na kofia mkononi. Ungesema, mimi ndiye mjomba, niachie. Ningekuachia palepale. Ningecheka kwa furaha, ningerudi Soga nikalala." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuja kwako kwa sababu sikuitaka nafasi ile."

Lori likapiga honi. Akasimama, akanipa mkono, kwa maana yeye ni mtu wa adabu na watu walikuwa wanatazama.

"Ahsante kwa kazi yako, Mwalimu," akasema.

Miaka mingi imepita. Tumezikiana, tumelea wajukuu, nimekula kwake na yeye amekula kwangu. Ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za shule. Lakini tangu siku ile mimi ni Mwalimu. Hajaniita shemeji tena.